Utingo Aliuawa na Nini?

Ngumi ilikuwa moja. Kila aliyekuwapo stendi jioni ile atakuapia hivyo, na mpiga debe mwenyewe ndiye atakayeapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Walikuwa wanagombea shilingi 2,000, ujira wa kuitia abiria. Utingo alisema kishalipa, mpiga debe akasema hajalipwa, maneno yakapanda, na ngumi ikatua chini ya mbavu za kushoto. Utingo alijikunja, akakaa juu ya tairi la spea, akaletewa maji. Baada ya dakika kumi akasimama, akasema yuko poa, akagonga bodi na basi likaondoka.

Usiku ule alilalamika bega la kushoto linamuuma, na kila mtu nyumbani alishangaa kwa sababu hakuna aliyemgusa bega. Mama yake akampa panadoli na chai ya tangawizi. Kesho yake Jumamosi mchana alianguka chooni. Bodaboda ikamkimbiza kituo cha afya, wakaulizwa fomu ya PF3, kaka yake akatoka mbio kwenda polisi kuifuata, akarudi baada ya saa moja na nusu. Kituo kikaona mambo si ya kwake, kikampa rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Huko damu ya kundi lake haikuwapo, ndugu wakaanza kupangwa foleni ya kupimwa. Saa nne usiku alikata roho kabla hajafikishwa chumba cha upasuaji.

Kisa hiki nimekitunga, lakini mwanasheria wa jinai akikisoma hataona kigeni ndani yake. Nimekitunga kwa makusudi kwa sababu kina kila kitu kinachotuchanganya tunapojadili kifo cha mtu aliyepigwa.

Daktari aliyepasua mwili alikuta lita mbili na nusu za damu tumboni. Mtu mzima ana kama lita tano mwilini, kwa hiyo nusu nzima ilikuwa imetoka kwenye mishipa. Damu ilitoka kwenye bandama, ambalo wengine huliita wengu, lililokuwa limechanika. Bandama la mtu mzima mwenye afya huwa na gramu 150 hadi 200 na limejificha kabisa nyuma ya mbavu. La utingo lilikuwa na gramu 900. Lilikuwa limevimba kwa malaria za miaka mingi, limeshuka chini ya mbavu, na ganda lake limetanuka mpaka likawa jepesi kama ngozi ya nyanya iliyoiva kupita kiasi. Hata lile bega lina maelezo: damu ikikusanyika chini ya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, mishipa ya fahamu ya hapo hupeleka maumivu begani. Madaktari wa upasuaji wanaijua dalili hiyo vizuri. Mama wa watu angeijulia wapi?

Sasa nenda msibani ukasikilize. Mama anasema ahadi ilifika. Wapiga debe wanasema aliyeua ni malaria, kwa sababu ngumi kama ile wanapigana kila siku na hakuna anayekufa. Kaka anasema aliyeua ni hospitali. Jirani anayejua mambo anasema aliyeua ni ile fomu. Na hakuna anayesema uongo, ila kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe. Mahakama nayo ina la kwake, jembamba kuliko yote hayo: je, tendo la huyu aliyeko kizimbani ndilo lililosababisha kifo, kwa maana ambayo sheria inalipa neno hilo?

Hatua ya kwanza ya kulijibu tunaifanya kila siku bila kujua ni sheria. Kiswahili kina silabi zake za kazi hiyo, -nge- na -ngali-. Asingepigwa, angekufa Jumamosi ile? Ukijibu kwamba angekufa vilevile, saa ileile na kwa namna ileile, mshtakiwa hakuua, hata awe na roho mbaya kiasi gani. Wanasheria wa nchi zilizorithi sheria ya Uingereza hupenda kutoa mfano wa kesi ya White ya mwaka 1910. Mtu alimtilia mama yake sumu ya sayanaidi kwenye kinywaji. Mama akakutwa amekufa, glasi pembeni yake haijanywewa hata nusu. Uchunguzi ulionyesha sumu ilikuwa kidogo mno kuua, na kwamba huenda mama alikufa kwa moyo kusimama. Nia ya kuua ilikuwapo, sumu ilikuwapo na maiti ilikuwapo, lakini kilichokosekana ni uzi wa kuviunganisha. Alihukumiwa kwa kujaribu kuua, si kwa kuua.

Kwa utingo wetu, wakili mzuri wa utetezi ataanzia hapahapa, na hatakuwa anacheza. Bandama lililovimba kwa malaria huweza kupasuka lenyewe, bila pigo lolote. Ni nadra, lakini vitabu vya tiba vimeandika. Kwa hiyo atamuuliza daktari: una hakika gani kwamba hili halikupasuka lenyewe? Daktari akijibu kwamba hawezi kujua, shaka imeingia, na katika jinai shaka ya maana ni mali ya mshtakiwa. Mpiga debe atabaki na kosa la shambulio tu.

Hapo ndipo utaona kwa nini uchunguzi wa maiti haupaswi kufanywa kwa haraka haraka. Pigo la ngumi tumboni mara nyingi haliachi alama kwenye ngozi, na shati tu linaweza kulificha. Daktari makini hakomei kwenye ngozi. Anachana misuli ya kati ya mbavu kutafuta damu iliyovia, anaangalia kama mpasuko uko upande uleule wa pigo, anatazama kama damu tumboni imeganda kwa tabaka za umri tofauti, maana bandama linaweza kuvuja polepole ndani ya ganda lake usiku kucha kabla halijaachia. Halafu polisi wanaleta ushahidi wa upande wao: kabla ya ngumi utingo alikuwa ananing'inia mlangoni mwa basi akiita abiria, baada ya ngumi alianza kulalamika, na malalamiko yalikwenda yakiongezeka bila kukatika mpaka mwisho. Mfululizo huo wa saa baada ya saa una uzito kuliko maneno ya Kilatini kwenye ripoti. Tuseme daktari wetu alikuta damu iliyovia ndani ya misuli mahali hasa palipopigwa. Asingepigwa, asingekufa siku ile. Jaribio la kwanza limepita.

Tatizo la jaribio hili ni kwamba linapitisha watu wengi mno. Dereva asingechelewa kutoka, wasingekutana. Mwenye basi angelipa wapiga debe kwa mwezi, kusingekuwa na ugomvi. Na yule mbu aliyemuuma utingo akiwa na miaka mitatu, asingemuuma, bandama lingekuwa gramu 170 na leo angekuwa Morogoro anahesabu nauli. Kwa -nge- peke yake, mbu naye ni mshtakiwa. Kwa hiyo -nge- ni mlango tu wa kuingilia. Kazi ya sheria inaanza baada ya hapo, kuamua ni nani kati ya waliopita mlangoni anayebeba kifo.

Kwetu kazi hiyo imeandikwa. Iko kwenye kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, na karibu neno kwa neno kwenye kifungu cha 213 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Kifungu kinaanza kwa kusema kwamba mtu atahesabiwa kuwa amesababisha kifo hata kama tendo lake si sababu ya karibu kabisa wala sababu pekee, kisha kinataja hali tano. Kanuni hizi zililetwa na serikali ya kikoloni mwaka 1930 badala ya ile ya India, na chimbuko lake ni kanuni iliyoandikwa Queensland, Australia, mwishoni mwa karne ya 19. Nasaba hiyo itatufaa punde.

Tuanze na malaria, kwa sababu ndiyo hoja inayopendwa zaidi. "Mtu mzima asingekufa kwa ngumi ile." Ni kweli, na haisaidii. Kanuni ya zamani inasema unayempiga unamchukua jinsi alivyo. Waingereza huitaja kwa fuvu: ukimgonga mtu ambaye fuvu lake ni jembamba kama ganda la yai, huwezi kusema fuvu la watu wengine lingestahimili. Katika nchi za malaria mfano wa fuvu ni wa kuazima, sisi fuvu letu ni bandama. Na hali ya nne katika kifungu cha 203 inalisema bila fumbo: anayeharakisha kifo cha mtu ambaye tayari ana ugonjwa au jeraha ambalo lingemuua hata hivyo, huyo amesababisha kifo. Kama anayemharakisha mtu aliyekwisha shikwa na mauti hasalimiki, seuze aliyempiga mtu ambaye angeishi na bandama lake miaka 40 zaidi. Hapo ndipo sheria inapokutana na maneno ya mama bila kuyapinga. Kwamba kila mtu ana siku yake, mahakama haibishani. Inauliza tu kama kuna mtu aliyeisogeza.

Kesi inayofanana na yetu kuliko zote ninazozijua ilitoka Papua na Guinea Mpya, na iliamuliwa na Mahakama Kuu ya Australia mwaka 1964. Mume alimpiga mkewe pigo moja ubavuni. Bandama la mke lilikuwa limevimba, mume hakujua, likapasuka, mke akafa. Kanuni iliyotumika ilikuwa ileile ya Queensland, binamu wa kanuni zetu. Utetezi ulishika kifungu ambacho na sisi tunacho, kile kinachosema mtu hawajibiki kwa tukio lililotokea kwa ajali. Hoja ilikuwa kwamba pigo lilikusudiwa, lakini kifo hakikuwazwa wala hakikutarajiwa, kwa hiyo ni ajali. Ni hoja yenye akili, na mahakama iliikataa: kifo kilikuwa tokeo la moja kwa moja la pigo alilolipiga kwa kutaka, na hatia ya kuua bila kukusudia ikabaki. Baadaye Waaustralia wenyewe waliendelea kubishana kuhusu neno hilo "ajali" mpaka wabunge wa Queensland wakalazimika kurekebisha kifungu chao. Kwa mpiga debe wetu, nisingemshauri atundike matumaini yote kwenye msumari huo.

Kanuni hii haiishii kwenye viungo vya mwili. Mwaka 1974 huko Uingereza mwanamume aitwaye Blaue alimchoma msichana wa miaka 18 kisu mara nne, na kimoja kikafika pafu. Msichana alikuwa Shahidi wa Yehova. Daktari alimweleza kwamba bila kuongezewa damu atakufa, naye akakataa, akaweka kukataa kwake kwa maandishi, akafa usiku uleule. Upande wa mashtaka ulikiri mahakamani kwamba angekubali damu angepona. Utetezi ukasema basi amejiua kwa imani yake. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ilijibu kwamba anayetumia ukatili humchukua mwenzake mzima mzima, na dini yake ndani. Kilichomwua ni jeraha la kisu. Kukataa damu hakukutoboa pafu.

Wanafunzi wa sheria hufundishwa kesi hiyo kama jambo jipya. Wakifungua kanuni yao wenyewe watakuta hali ya pili ya kifungu cha 203 ilikuwapo tangu 1930: aliyejeruhi amesababisha kifo hata kama jeraha lisingeua iwapo majeruhi angekubali matibabu yanayofaa au angechukua tahadhari katika maisha yake. Basi ile panadoli na chai ya tangawizi ya Ijumaa usiku haimwokoi mpiga debe. Hata familia ingempeleka kwa mganga wa kienyeji siku tatu, bado.

Tufike hospitali sasa, ambako kaka ana hasira na ana haki ya kuwa na hasira. Ni hapa watu wengi hukosea, na mawakili wengine pia, kwa sababu wanachanganya mambo mawili: matibabu yaliyokosekana na matibabu yaliyoua.

Utingo wetu alikosa matibabu. Fomu ilichelewa, ingawa mgonjwa mahututi anapaswa kuhudumiwa kwanza na karatasi ifuate. Daktari wa upasuaji hakuwapo kituoni. Damu haikuwapo. Yote hayo yangeweza kumwokoa, lakini hakuna hata moja lililomjeruhi. Kilichokuwa kinamuua saa zote hizo ni mpasuko uleule uliotokana na ngumi ileile. Ukitaka kuwashtaki wengine kwa uzembe wao, washtaki, mlango uko wazi. Ila uzembe wao hauuzibi ule mpasuko. Hali ya tano ya kifungu inalifunga jambo hili: mtu amesababisha kifo hata kama tendo lake lisingeua bila kuambatana na tendo, au kutotenda, kwa marehemu au kwa watu wengine.

Waingereza walikuwa na kesi ya namna hii mwaka 1959. Askari mmoja, Smith, alimchoma mwenzake singe katika ugomvi wa kambini Ujerumani. Mwenzao mwingine akambeba majeruhi kumpeleka kwa daktari na akamwangusha njiani mara mbili. Daktari alikuwa na wagonjwa wengi, hakutambua kwamba pafu limetobolewa, na alichomfanyia kilikuja kuelezwa mahakamani kuwa kilimdhuru. Ilisemwa kwamba kwa matibabu mazuri angeweza kuwa na nafasi ya kupona ya asilimia 75. Hatia ya kuua ilibaki palepale. Mahakama ilisema ikiwa jeraha la awali bado linafanya kazi, na mchango wake ni mkubwa, lile lililoongezeka juu yake halilifuti.

Sasa ubadilishe kisa. Tuseme utingo alifika mapema, akapasuliwa, bandama likaondolewa salama, na siku ya nane kidonda kimefunga, anakula ugali na kuomba aruhusiwe. Kwenye cheti chake imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba penisilini inamdhuru, alidungwa siku ya pili akavimba uso. Usiku huo mhudumu asiyesoma cheti anamdunga tena penisilini, na asubuhi ni maiti. -Nge- bado inamnasa mpiga debe: asingempiga, asingelazwa wala kudungwa. Lakini jeraha la ngumi halimo tena kwenye kifo hiki. Aliyekufa ni mtu aliyekuwa amepona ngumi.

Kitu cha namna hii kilitokea Uingereza mwaka 1956 katika kesi ya Jordan. Majeruhi wa kisu alikufa siku nane baadaye, wakati kidonda chake kimekaribia kupona. Alipewa tena dawa ya antibiotiki ambayo mwili wake ulikuwa umeshaonyesha kwamba hauiwezi, na akajazwa maji mengi mno kwa mishipa mpaka mapafu yakalowa. Jordan alikuwa ameshahukumiwa kwa mauaji. Ushahidi mpya wa madaktari ulipoletwa kwenye rufani, hatia ilifutwa. Ukiweka Smith na Jordan bega kwa bega, tofauti haiko katika ukubwa wa kosa la daktari. Iko katika swali la kitandani: wakati mtu huyu anakata roho, jeraha lilikuwa bado linamuua, au lilikuwa limebaki historia?

Kanuni yetu inaliweka kwa namna yake, na hapa ina ukarimu kidogo kwa mshtakiwa kuliko watu wanavyodhani. Hali ya kwanza ya kifungu cha 203 inasema aliyejeruhi anahesabiwa kusababisha kifo hata kama aliyekufa ameuawa na matibabu ya jeraha hilo, yawe sahihi au ya makosa, mradi yalitolewa kwa nia njema na kwa ujuzi wa kawaida. Daktari akikosea kama daktari yeyote wa kawaida anavyoweza kukosea usiku wa manane, kosa linarudi kwa aliyepiga. Lakini kifungu kinaendelea: ikiwa matibabu yaliyokuwa sababu ya karibu ya kifo hayakutolewa kwa nia njema, au yalitolewa bila ujuzi wa kawaida, aliyejeruhi hahesabiwi. Anayepuuza wino mwekundu yuko upande gani wa mstari huo? Mimi ningesema yuko nje. Wakili wa Jamhuri atasema usiku mmoja wenye wagonjwa 60 na muuguzi mmoja ndio ukawaida wetu. Ni ubishi wa kweli, na utaamuliwa na cheti, ratiba ya zamu, na daktari atakayeletwa kutoka hospitali nyingine kueleza ujuzi wa kawaida ni upi.

Kuna mengine yanayoweza kuingia kati. Gari la wagonjwa likipinduka njiani kwa sababu tairi limepasuka, wengi wanakubali kwamba mnyororo umekatika. Ngumi ilimweka utingo barabarani, lakini ajali ya tairi haikutokana na ngumi, ingempata hata mjamzito aliyekuwa anakwenda kujifungua. Kinyume chake, mpiga debe akimkimbiza utingo na nondo, naye akaruka kutoka kwenye basi linalotembea akafa, aliyekimbiza hawezi kusema "karuka mwenyewe". Hali ya tatu ya kifungu inamngoja: kujiokoa kwa namna inayoonekana ya kawaida kwa mtu aliyetishwa ni sehemu ya mnyororo. Na mnyororo una urefu. Majeruhi akiishi zaidi ya mwaka mmoja na siku moja tangu apigwe, kanuni zetu hazimhesabu tena kuwa ameuawa na pigo hilo. Uingereza, waliotuletea kipimo hicho, walikiacha mwaka 1996, baada ya mashine za hospitali kuwawezesha watu kukaa katikati ya uhai na mauti kwa miaka.

Turudi kwa mpiga debe, maana kuna jambo moja kaka wa marehemu atalipokea vibaya. Baada ya yote haya, tuseme mahakama imeridhika kwamba ngumi ndiyo iliyosababisha kifo. Haijasema bado kwamba ni mauaji ya kukusudia. Kusababisha ni nusu moja ya kosa, nusu ya pili iko kichwani mwa mshtakiwa: alikusudia kuua, au kuumiza vibaya sana, au alijua kwamba tendo lake lingeweza kuleta hayo? Ngumi moja ubavuni kwa shilingi 2,000, bila silaha, bila kumfuata alipoanguka, haina harufu hiyo. Ajabu ya kanuni ya bandama ni kwamba inamfanya mtu abebe ambacho hakukijua, lakini haiwezi kumpa nia ambayo hakuwa nayo. Kosa lake ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha na ya chini haikupangwa, jaji ataipima mwenyewe. Gramu 900 za bandama, ambazo hazikuwa na nguvu yoyote kwenye swali la nani aliyeua, hapo kwenye adhabu zinapata sauti.

Mara nyingi watu kama hawa hushtakiwa kwanza kwa mauaji, kisha siku ya kusomewa shtaka Mahakama Kuu pande mbili zinaelewana kwenye kosa dogo. Jaji anamwuliza mshtakiwa kama ni kweli kwamba siku hiyo na mahali hapo alimwua marehemu bila kukusudia. Jibu linatakiwa liandikwe kama lilivyotoka mdomoni, kwa sababu jibu lenye "lakini" ndani yake linaweza lisiwe kukiri. Wa kwetu anashika mbao za kizimba, anatazama walikokaa ndugu wa marehemu, anasema: "Nilimpiga ngumi moja, mheshimiwa. Sikujua kama anaumwa." Jaji anaandika sentensi zote mbili, ananyanyua kichwa, na kumwuliza wakili wake kama hiyo ya pili ni utetezi au ni maombi ya huruma.